Jina Linalojibika: mpaka kati ya kejeli na tusi kwa viongozi

Mashariki ya mji wa Iringa, mahali paitwapo Lugalo, pana mnara wa ukumbusho wa Wajerumani waliouawa na jeshi la Mtwa Mkwawa tarehe 17 Agosti 1891. Kamanda wao, Emil von Zelewski, hakujulikana sana kwa jina hilo miongoni mwa watu aliowatawala kwa mabavu tangu alipokuwa pwani. Walimwita Nyundo. Miaka mitano baadaye, mnamo 1896, afisa mwingine wa Kijerumani, Tom von Prince, alijenga boma ambalo mji wa Iringa wa leo ulikua kulizunguka, na yeye pia alipewa jina lake: Bwana Sakarani. Neno sakarani limetoka Kiarabu na maana yake ni mlevi, kwa kuwa alipigana kama mtu aliyeleweshwa na vita.

Ninaanza na majina hayo mawili kwa sababu yanaonyesha jinsi lakabu ya kiongozi inavyofanya kazi tangu kabla hatujawa na vyama, kampeni wala mitandao ya kijamii. Nyundo ni jina linaloeleza tendo: nyundo hupiga, haisikilizi. Aliyelitamka hakuhitaji kutoa hotuba kuhusu ukatili wa utawala, kwa maana hotuba nzima ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya neno moja. Bwana Sakarani nalo lilieleza tendo, lakini likapata mwisho wa ajabu, kwani mwenyewe alilipenda. Alipoacha jeshi na kuanzisha shamba huko Usambara, aliliita shamba hilo Sakarani, na mahali pale panaitwa hivyo mpaka leo. Kwa hiyo kejeli si silaha ya uhakika. Mwenye nguvu anaweza kuiokota, kuipangusa vumbi na kuivaa kama nishani.

Swali linalotusumbua kila msimu wa uchaguzi ni lini jina la namna hii linaacha kuwa kejeli na kuwa tusi. Watu wengi hulijibu kwa kupima ukali wa neno: neno zito ni tusi, neno jepesi ni utani. Kipimo hicho mimi nakiona kibovu, na nitaeleza kwa nini kwa kisa nilichokishuhudia mwenyewe.

Katika kata moja ya Jiji la Mbeya, upande wa mlimani, tulikuwa na diwani ambaye katika kampeni zake aliahidi kumwaga moramu kwenye barabara ya mtaa wetu. Wanaoijua Mbeya wanajua mvua zetu. Zikianza mwezi wa Novemba huendelea mpaka karibu na Mei, na barabara ya udongo yenye mteremko hugeuka mfereji, bajaji zikagoma kupanda, na mama mwenye kapu la viazi akalazimika kulipa kijana wa kumbebea mpaka juu. Diwani yule alisema moramu itakuja kabla ya mvua. Mvua zikaja, moramu haikuja. Mwaka uliofuata akasema tena, na safari hii malori mawili yakaja kweli, yakamwaga vichuguu vinne pembeni mwa barabara, lakini greda la kusambaza halikufika, na masika yakavisomba vichuguu vyote hadi mtoni.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Akawa Mheshimiwa Moramu. Kijiweni mtu akikopa fedha na kusema atalipa wiki ijayo, mwenzake humjibu, "Hiyo ni moramu." Akina mama wa kikoba, mwanachama akichelewesha hisa, walisema amemwaga moramu. Diwani mwenyewe alilisikia. Siku moja katika mkutano wa mtaa, mzee mmoja alisimama akavua kofia, akasema kwa adabu zote, "Mheshimiwa Moramu, sisi wazee wako tunauliza, greda limekwama wapi?" Watu wakaangua kicheko. Diwani naye akacheka, ingawa uso ulimbadilika, kisha akaeleza kwa kirefu kwamba bajeti ya halmashauri ilikuwa imetoa fedha za kokoto bila fedha za mafuta ya greda. Lilikuwa jibu la kwanza la maana tulilowahi kulipata kwake.

Ulipofika wakati wa kura za maoni ndani ya chama chake, vijana waliokuwa wakimuunga mkono mpinzani wake walikuja na jina jingine. Diwani huyo alikuwa akichechemea mguu wa kushoto kwa ugonjwa alioupata utotoni. Wakaanza kumwita Nusu Mwendo. Walikuwa na kibwagizo kabisa, walichokiimba wakiwa juu ya pikipiki huku wakiinamisha bega moja. Baada ya wiki wakaongeza kwamba mama yake alitoka ng'ambo ya mto Songwe, maana yake ni Mmalawi na kwa hiyo hana haki ya kugombea. Nilikuwa kwenye kibanda cha kuchoma mahindi walipopita kwa mara ya kwanza. Watu walicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kibandani alikuwapo kijana mwingine mwenye mguu kama ule. Aliendelea kugeuza hindi lake juu ya mkaa bila kuinua macho.

Ukipima kwa ukali wa maneno, "Moramu" na "Nusu Mwendo" yanalingana, na hakuna hata moja ambalo usingeweza kulitamka mbele ya watoto. Tofauti yao iko mahali pengine. Jina la Moramu lilikuwa na dawa, nayo ilikuwa mikononi mwa diwani: kuleta greda. Siku barabara ingesambazwa na kushindiliwa, jina lingekufa lenyewe au lingegeuka sifa. Jina la Nusu Mwendo halikuwa na dawa. Hata angejenga barabara ya lami mpaka mlangoni kwa kila mpiga kura, angeendelea kuchechemea. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: kiongozi akibadili mwenendo wake, je, jina litapoteza nguvu? Likiwa na jibu linalowezekana kwa vitendo, ni kejeli, hata kama linachoma. Likiwa halina jibu lolote isipokuwa kuacha kuwa yule aliyezaliwa, ni tusi, hata kama limefungwa katika maneno laini.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa majina makubwa ya kitaifa. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyetawala kuanzia 1985 hadi 1995, aliitwa Mzee Ruksa kwa sababu alifungua milango ya biashara iliyokuwa imefungwa. Kwa mwenye duka jina hilo lilikuwa shukrani. Kwa aliyeona maadili ya uongozi yakilegea, lilikuwa lawama kwamba sasa kila kitu ni ruksa. Pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia sera, na alipofariki tarehe 29 Februari 2024 waombolezaji walimlilia kwa jina lilelile bila haya.

Aliyemfuata alipewa kejeli ambayo, kwa maoni yangu, ni ya kisanii zaidi, kwa sababu ilitengenezwa na sarufi yenyewe. Kiswahili hugeuza jina la mtu kuwa jina la hali kwa kubadili kiambishi: mchawi na uchawi, mkulima na ukulima. Jina la Rais Benjamin Mkapa lilianza na m, na watu waliobanwa na ukosefu wa fedha katika miaka ya ubinafsishaji na kubana matumizi hawakuhitaji kubuni chochote. Walibadili herufi moja wakapata ukapa, yaani hali ya kutokuwa na fedha mfukoni. "Nina ukapa" ilikuwa sentensi kamili ya kiuchumi. Haikugusa sura yake wala ukoo wake. Ilisema tu kwamba ugumu wa maisha una sera nyuma yake, na sera hiyo ina mwenyewe.

Kaulimbiu nazo hugeuzwa kwa mbinu hiyohiyo ya kugusa kidogo. Mgeuzaji hodari huacha mapigo na herufi za asili zibaki kama zilivyo, ili kila mara kaulimbiu rasmi inapotamkwa, msikilizaji aisikie ile ya pili ndani yake. Chama Cha Mapinduzi kimeishi kwa miaka mingi na tafsiri ya pembeni ya herufi zake tatu, Chukua Chako Mapema. Ahadi ya mwaka 2005 ya "maisha bora kwa kila Mtanzania" ilijibiwa mitaani kwa kupindua maneno mawili tu ikawa "bora maisha", yaani mradi mtu anapumua. Ukiitazama vizuri, kejeli ya namna hii inamheshimu kiongozi kwa kiasi fulani, kwa kuwa inachukulia ahadi yake kwa uzito na kumdai kwayo. Anayeimba "bora maisha" hajakata tamaa na maisha bora. Analalamika kwamba hajayaona.

Wakati mwingine kiongozi mwenyewe ndiye anayewapa watu jina. Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba yeye ni jiwe. Alikusudia uimara, na wafuasi wake wakalichukua kwa maana hiyo, lakini wakosoaji wakalichukua neno hilohilo kwa maana ya kitu kisichosikia. Ni vigumu sana kuliita hilo tusi, kwa sababu neno lilitoka kinywani mwa mhusika, na kilichobaki ni mabishano juu ya maana yake. Katika hali kama hiyo sauti ya msemaji ndiyo inayobeba maana yote, jambo ambalo karatasi ya mashtaka haiwezi kulinakili.

Sitaki kujifanya kwamba kipimo changu hakina mipaka. Mwalimu Nyerere alikuwa na jina la mitaani ambalo watu wa umri wangu walilisikia kwa wazazi wao, Mchonga, kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya Wazanaki. Hilo ni jina la mwilini na la kabila kwa wakati mmoja, na hakuna sera ambayo ingelifuta. Kwa kipimo changu lingekuwa tusi. Hata hivyo, nimewasikia wazee wakilitaja kwa upendo uleule ambao mtu humwita babu yake mzaa mama kwa jina la utani, na nimewasikia wengine wakilitaja kwa uchungu wa mtu aliyehamishwa kwa nguvu kwenda kijiji cha ujamaa. Ninachoweza kusema ni kwamba Mchonga lilinong'onwa kutoka chini kwenda juu, na halikuwahi kumpunguzia Mwalimu hata chembe ya mamlaka. Likigeuzwa mwelekeo, yaani mwenye dola akimtaja mwananchi kwa meno yake au kwa makovu ya kabila lake, neno halibaki lilelile. Uzito wake hutokana pia na anayelitamka na alichoshika mkononi.

Hapa ndipo utani wa makabila huingizwa, na mara nyingi huingizwa vibaya. Katika nyanda hizi Wahehe na Wangoni ni watani, baada ya babu zao kupigana vikali katika karne ya 19. Mngoni anaweza kumwambia Mhehe maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patachimbika, na Mhehe humrudishia bila kumwonea aibu. Baadhi ya wanasiasa wakishtakiwa kwa matusi hujitetea kwamba walikuwa wakitania. Lakini utani una masharti ambayo jukwaa la kampeni halina. Pande zote mbili zina haki sawa ya kujibu, papo hapo na kwa maneno ya uzito uleule. Tena mtani ana wajibu: msiba ukitokea, ndiye anayefika kufanya vituko na kusaidia kazi, ndiye anayewafuta machozi wafiwa kwa vichekesho. Aliyekuita mla mbwa jana atakuchimbia kaburi kesho. Mgombea anayemkejeli mwenzake kwa kabila lake mbele ya kipaza sauti, huku mwenzake hayupo, hana wajibu huo na hana nia nao. Ameazima ukali wa utani akaacha deni lake.

Jambo linalochanganya watu zaidi, hata wanasheria ninaozungumza nao, ni kuichanganya kejeli na tuhuma. "Moramu" ni kejeli. "Nusu Mwendo" ni tusi. "Mama yake ni Mmalawi" si kejeli wala tusi. Ni madai ya jambo ambalo ama ni kweli ama ni uongo, na linapaswa kuthibitishwa kwa vyeti. Hali ni hiyohiyo kwa "mwizi" na "muuaji". Anayemwita waziri "Mwizi" kana kwamba ni lakabu amesema kuna mali iliyoibwa, na hawezi kujificha nyuma ya kicheko akiulizwa iko wapi. Tuhuma yenye ushahidi ni wajibu wa raia, na isiyo na ushahidi ni kashfa. Katika hali zote mbili, swali la kama inachekesha halina nafasi.

Sheria zetu hazitenganishi mambo haya matatu kwa uangalifu. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa kutoa maoni. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kuwa kosa kutumia lugha ya matusi kwa mtu mwingine kwa namna inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani, na adhabu yake ni kifungo cha miezi 6. Sharti la uvunjifu wa amani ndilo lenye busara, kwa maana linamtaka hakimu aangalie mazingira: nani alikuwapo, neno lilielekezwa kwa nani, na je, palikuwa na hatari ya watu kushikana mashati. Zikaja baadaye sheria za mawasiliano ya kielektroniki ya 2010 na ya makosa ya mitandao ya 2015, zenye faini zinazohesabiwa kwa mamilioni, ambazo zilifanya chapisho la simu liwe na hatari kubwa kuliko neno la jukwaani. Mwaka 2016 mtu mmoja huko Arusha aliyemwita Rais bwege katika ukurasa wake alihukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3. Neno bwege kwa kipimo changu ni tusi, dogo na lisilo na ubunifu. Lakini faini ya milioni 7 kwa neno ambalo mama humwambia mtoto aliyemwaga maziwa ni adhabu isiyolingana na jeraha, hasa pale aliyejeruhiwa ana ulinzi wa dola nzima.

Hapa kwetu Mbeya tunakumbuka zaidi mwaka 2018. Aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini, Joseph Mbilinyi, ambaye nchi nzima inamwita Sugu, na kiongozi mwenzake wa chama walihukumiwa kifungo cha miezi 5 mwezi Februari kwa lugha ya fedheha dhidi ya Rais katika mkutano wa hadhara uliofanyika jijini Desemba 2017. Walitoka gerezani mwezi Mei, na baadaye Mahakama Kuu hapa Mbeya ikaifuta hukumu hiyo. Somo ninalolipata katika kesi ile ni dogo lakini ni la msingi. Maneno yaliyolalamikiwa yalikuwa zaidi ya upande wa tuhuma kuliko matusi, na tuhuma hushughulikiwa kwa kuuliza kama ni kweli. Shitaka la lugha ya fedheha halimpi yeyote nafasi ya kuuliza hivyo. Linaishia kuuliza kama mkubwa alikasirika.

Kuna aina moja ya jina ambayo siitafutii mizani yoyote. Ni ile inayomtoa mtu katika ubinadamu: panya, mende, kunguni. Huko Rwanda, kabla ya mauaji ya 1994 na wakati wa mauaji yenyewe, Watutsi waliitwa mende redioni. Jina kama hilo humwambia msikilizaji afanye nini na mkono wake, kwa sababu kila mtu anajua mende anafanywa nini. Kibwagizo cha kampeni kikianza kuwaita wafuasi wa upande wa pili wadudu, viongozi wa mtaa wasisubiri Kamati ya Maadili ya uchaguzi ikae. Wakamate kipaza sauti siku hiyohiyo.

Diwani wetu alishinda kura za maoni kwa tofauti ndogo. Sijui kama Nusu Mwendo lilimpunguzia kura au lilimwongezea, ila najua kwamba mzee yule wa kofia, ambaye ndiye aliyekuwa akimbana kuliko wote, alikwenda nyumbani kwa mpinzani na kumwambia awazuie vijana wake, na wakaacha kuimba siku tatu kabla ya kura. Greda lilikuja mwaka uliofuata. Barabara ilisambazwa, ikashindiliwa, ikachimbwa mitaro pande zote mbili, na mpaka sasa bajaji hupanda hata mwezi wa Machi. Diwani amestaafu. Kituo cha bajaji kilichopo pale vichuguu vilipokuwa kinaitwa Kwa Moramu, na madereva wengi wanaokipigia debe asubuhi walikuwa bado shule ya msingi wakati jina hilo likiwa kejeli.